Kabla hujaandika maelezo chini ya picha: kinyago kipi, kiko wapi, na cha nani?

Mwanafunzi mmoja alinijia hapa Sanawari, Arusha, na insha yake ya historia ya sanaa ikiwa imeshachapwa na kubanwa, imebaki kupelekwa tu. "Shikamoo mwalimu, naomba unipitie tanbihi, mengine nimeshamaliza." Ukurasa wa nne kulikuwa na picha ya kinyago cha pembe ya ndovu kutoka ufalme wa Benin, ulio katika Nigeria ya leo, uso wa mama aliyetulia, na chini yake ameandika: "Kinyago cha FESTAC, 1978, Google." Katika mstari huo mfupi jina lilikuwa la kitu kingine, mwaka haukuwa wa kutengenezwa, na mahali kilipo hapakutajwa kabisa.

Nikamuuliza mwaka 1978 ameutoa wapi. "Si umeandikwa kwenye ukurasa wa makumbusho wenyewe, mwalimu?" Kweli, umeandikwa. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa na kinyago hiki kwa muda.

Jambo la kuhakikisha kabla ya yote ni kwamba unajua unazungumzia kitu kipi hasa, maana vitu vinavyofanana vipo. Vinyago viwili vya pembe vinavyosemwa kuwa ni sura ya Idia, mama wa Esigie, Oba yaani mfalme wa Benin, vinakaribia kuwa pacha. Kimoja kiko British Museum, London, na kingine kiko Metropolitan Museum of Art, New York. Vyote viwili vilichukuliwa katika kasri la Oba mwaka 1897, Waingereza walipouvamia mji wa Benin. Vipo na vingine vya jamii hiyohiyo, kikiwemo cha Linden-Museum huko Stuttgart na cha Seattle Art Museum. FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi na Waafrika lililofanyika Lagos mwaka 1977, lilichukua kile cha London kuwa nembo yake. Nigeria ilikiomba kwa ajili ya tamasha, Waingereza wakakataa, ikabidi kichongwe cha kuiga. Mwanafunzi wangu alikuwa ameandika habari za FESTAC, lakini picha aliyoibandika ilikuwa ya kile cha New York.

Nilijuaje? Kwa kukiangalia kichwani. Taji la kinyago cha New York limepambwa kwa vichwa vidogo vya Wareno wenye ndevu, na kati ya kichwa na kichwa kuna kambare. Taji la kile cha London lina vichwa peke yake vilivyojipanga, bila kambare kati yake. Hili lilimgusa kuliko alivyodhani, kwa sababu aya yake nzuri kuliko zote ilikuwa juu ya hao kambare: samaki anayeishi majini na kuhimili nchi kavu, na namna anavyoambatana na Wareno waliotokea baharini. Kisha akahitimisha kwamba ndiyo sababu FESTAC ilikichagua kinyago kile. Hoja ikaanguka. Aliyeichunguza picha na aliyeisoma historia ni yeye huyohuyo, ila alikuwa anasoma habari za kitu kimoja huku akitazama kingine.

Sasa tuje kwenye mwaka. Kitu cha makumbusho huwa kinabeba miaka mingi, na ni mmoja tu, mara nyingine karne tu, unaohusu kutengenezwa kwake. Kinyago cha New York kina namba 1978.412.323. Namba kama hiyo husomwa kwa vipande: mwaka kilipoingizwa kwenye rejista, kisha namba ya kundi la vitu vilivyoingia pamoja, kisha namba ya kitu chenyewe ndani ya kundi. Kwenye ukurasa huohuo kuna mstari unaoitwa Credit Line unaomtaja Nelson Rockefeller na mwaka 1972, yaani habari za aliyekitoa zawadi. Tarehe ya kutengenezwa ni karne ya 16. Kile cha London ni Af1910,0513.1: Af ni Afrika, 1910 ni mwaka, 0513 ni mwezi wa tano tarehe 13, na 1 ni kitu cha kwanza siku hiyo. Anayekurupuka ataandika kwamba kilichongwa mwaka 1910, na msomaji makini ataiweka insha pembeni hapohapo.

Ukishaujua mpangilio huo, tarehe iandike kama makumbusho yenyewe inavyoisema, pamoja na shaka yake. Ikisema "karne ya 16", usiandike 1550 ili kupatia katikati. Ikisema "takriban", lile neno takriban ni sehemu ya tarehe, usilifute ili mstari upendeze.

Kwa upande wa aliyetengeneza, wanafunzi hupenda kuandika "msanii hajulikani" na kuendelea. Ni kweli jina la mchongaji halikuandikwa, ila hatukosi la kusema. Makumbusho ya New York humwita msanii wa Kiedo, yaani wa Waedo, watu wa ufalme wa Benin, na Benin palikuwa na chama cha wachongaji wa pembe na mbao wa mfalme, Igbesanmwan. Chini ya picha andika "Msanii wa Kiedo". Habari za Igbesanmwan ziweke ndani ya insha, ambako una nafasi ya kuzieleza. Jina la kitu nalo halikutoka kwa mchongaji, limetolewa na makumbusho. Ndiyo maana haliwekwi kwa herufi za mlazo kama jina ambalo mchoraji ameipa picha yake mwenyewe.

Tulipomaliza, mstari wake ulisomeka hivi:

Msanii wa Kiedo, Kidani chenye uso wa Malkia Mama (Iyoba), karne ya 16. Pembe ya ndovu, chuma na shaba, kimo sm 23.8. The Metropolitan Museum of Art, New York, 1978.412.323.

Nilimwambia akikata chochote asiikate namba. Majina ya vitu hutafsiriwa na hubadilishwa, anwani za tovuti hufa, lakini ukiiandika namba ile kwenye kisanduku cha kutafutia cha makumbusho unakipata kitu kilekile. Kwa British Museum, mstari wa kuutafuta kwenye ukurasa unaitwa Museum number. Google hapo haina lake. Ni kama kutaja daladala iliyokuleta badala ya nyumba uliyofikia. Picha ukiipata kwenye mtandao wowote, ifuate mpaka kwenye ukurasa wa makumbusho inayokishikilia kitu, na tarehe, vipimo na namba uvitoe huko.

Kuhusu mtindo wa kunukuu, muulize mhadhiri kabla hujaanza, maana habari ni zilezile ila hukaa mahali tofauti. Chicago kwa kawaida huridhika na tanbihi au maelezo chini ya picha. MLA na APA hutaka kazi iingie pia kwenye orodha ya mwisho, na APA hupeleka mwaka mbele, mara baada ya jina la msanii.

Fotografia ina mtego wake, nao ni huu: kitu unachokinukuu ni kipi, picha au kilichopigwa picha? Ukitumia picha ya kinyago ili kujadili kinyago, msanii ni Mwedo, na aliyeshika kamera anatajwa tu pale ruhusa ya kuichapa inapodai hivyo. Lakini ukijadili picha zilizopigwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, mpiga picha ndiye msanii. Picha nyingi za zama hizo zinazozunguka mtandaoni ni za Walther Dobbertin, na ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, chini ya namba zinazoanza na Bild 105-DOA. Tarehe utakayoikuta kwenye nyingi ni 1906/1918. Huo mkwaju unamaanisha kwamba picha ilipigwa wakati wowote ndani ya miaka hiyo, mwaka wenyewe haujulikani. Ukiandika 1906–1918 msomaji anaweza kudhani ni kazi iliyochukua miaka kumi na miwili. Andika "kati ya 1906 na 1918" na shaka itabaki pale ilipo. Maelezo ya Kijerumani yaliyo chini ya picha hizo nayo yaangalie kwa jicho la pili: ni maneno ya zama za ukoloni, kwa hiyo usiyageuze kuwa jina la kazi bila kusema yametoka wapi.

Kama kitu chako kiko hapahapa, tuseme kwenye Boma la zamani la Wajerumani au Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni, maandalizi hufanyika ungali umesimama mbele ya kabati. Uliza kwanza kama kupiga picha kunaruhusiwa. Kisha piga mbili: kitu kizima, na kibao chake cha maelezo kikisomeka. Kibao mara nyingi hutaja jina na kazi ya kitu tu, hakina namba. Namba huwa imeandikwa kwa wino mdogo mahali pasipoonekana, chini ya kitako au nyuma, wala huruhusiwi kukigeuza kitu ili uione. Nenda ofisini umwombe mhusika akutazamie kwenye rejista, na uandike tarehe uliyokiona. Akikwambia rejista haipo karibu, nukuu kibao neno kwa neno na useme ni kibao cha maonyesho cha siku hiyo. Kurudi kwa ajili ya namba moja kunachosha; nimeshapanda gari kutoka Moshi kwa kosa hilo, tena siku ya mvua.

Limebaki la michoro ya Tingatinga, ambayo wanafunzi wa huku hawaiachi kwa kuwa imejaa madukani. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972. Jina lake sasa ni jina la mtindo, na saini yake imeigwa mara nyingi, kwa hiyo saini peke yake haimfanyi yeye kuwa mchoraji. Kama aliyechora ameketi palepale anapaka rangi, msalimie, muulize jina analotaka liandikwe, mwaka, na kama amechora kwenye kitambaa au ubao mgumu. Pima urefu na upana kwa rula, usikisie. Kama hayupo na muuzaji hamjui, andika "Mchoraji hajatambuliwa, mtindo wa Tingatinga". Kwenye nafasi ya makumbusho weka "mkusanyiko binafsi, Arusha" ikiwa umeununua mchoro au mwenye nao amekubali. Ukiwa bado unauzwa, sema ulionekana dukani na lini. Jina la mwenye mchoro usilitaje mpaka akuruhusu.