Usemi wa taarifa: anza na nafsi

Unayejifunza Kiswahili, ukiripoti maneno ya mtu badilisha viambishi vya nafsi kwanza, wakati uuache. Muuza samaki amekuambia, "Nitakuletea pweza kesho." Yeye msemaji, *ni-* yake inakuwa *a-*, wewe uliyeambiwa, *-ku-* inakuwa *-ni-*: "Alisema ataniletea pweza kesho." Inafanya kazi kwa sababu watu wote wawili wamo ndani ya kitenzi kimoja, na katika mazungumzo *-ta-* huhesabiwa tangu aliposema. Kesho hiyo ikishapita, sema "siku iliyofuata". Kwenye mitihani ya shule, hasa Kenya, *-ta-* hugeuzwa *-nge-*: "angeniletea". Amri ndiyo haifuati njia hii kabisa: "Subiri!" huwa "Aliniambia nisubiri", mwisho *-i* ukibaki kwa kuwa *subiri* si kitenzi cha asili ya Kibantu; vitenzi vya Kibantu huishia *-e*.