SOMO: Seli za damu zikiwa kubwa, usikimbilie foliki peke yake

Kila siku swali lilelile: "Damu yangu ndogo, ninywe foliki?" Naandika mara moja, tumalize.

1. Pima FBP, kipimo cha kuhesabu na kukagua chembe zote za damu.

2. Kwenye majibu tazama MCV, yaani wastani wa ukubwa wa seli nyekundu. Ikizidi 100, seli nyekundu ni kubwa kupita kawaida. Maabara waangalie kioo chenye tone la damu kwa hadubini: chembe nyeupe zenye kiini cha vipande 6 zinaelekeza kwenye upungufu wa foliki au vitamini B12.

3. Hapa ndipo penye balaa. Kioo hakikwambii kipi kimepungua, kwa sababu uboho unavihitaji vyote viwili kutengeneza seli. B12 ikikosekana, foliki iliyomo mwilini inanasa katika umbo lisilotumika. Ukimeza vidonge vya miligramu 5, uboho unapata foliki ya kutumia na damu inapanda. Lakini ala ya mishipa ya fahamu inataka B12 yenyewe, na hiyo hujaipeleka.

Mama mmoja wa Wete, mgonjwa wa sukari anayetumia metfomini miaka mingi, alipewa foliki dukani. Himoglobini ikatoka 7 ikafika 11, nyumbani wakafurahi. Miguu ikazidi ganzi; usiku akienda msalani bila taa anapepesuka. Tulimsimamisha miguu pamoja, akafumba macho, nusura aanguke. Uma wa chuma unaotetema ukiwekwa kifundoni hausikii. Uti wa mgongo ulikuwa unaumia huku karatasi ya damu inapendeza. Ukichelewa, ganzi nyingine hairudi nyuma tena.

4. Kwa hiyo pima B12 kwanza. Kama kuna ganzi au kupepesuka, daktari asingoje jibu: sindano ya haidroksikobalamini mikrogramu 1,000, siku moja ndiyo moja siyo, mpaka nafuu isiongezeke tena. Foliki ifuate baadaye.

MASWALI

— Mkuu, nna ganzi, nitumie dozi.
Soma namba 4. Kisha nenda hospitali. Sitibu mtu kwa simu.

— Kwa hiyo unasema foliki ni sumu?
Wapi nimesema hivyo? Soma tena.

— Mke wangu mjamzito anapewa foliki kliniki, aache?
Asiache hata siku moja. Ile inakinga uti wa mgongo wa mtoto, na ingefaa aanze kabla ya mimba. Ila akiwa na ganzi ya miguu, amwambie mkunga.

— Kaka, sisi Pemba samaki kila siku. B12 inakosekanaje?
Swali zuri hili. Kula si kufyonzwa. Tumbo hutoa protini inayoibeba B12 mpaka mwisho wa utumbo mwembamba. Kwa wengine kinga ya mwili huiharibu protini hiyo. Metfomini nayo hupunguza ufyonzaji. Na ini lina akiba ya miaka, ndiyo maana dalili huchelewa. Foliki akiba yake ni ya miezi tu.

— Na mchicha?
Una foliki, B12 hauna. Hata hiyo foliki, ukiuchemsha sana na kumwaga maji, umeimwaga nayo. Ukaange kidogo, uuteremshe ungali kijani.