Mwanzo na mwisho wa mahubiri

Wahubiri wenzangu, utangulizi uandike mwisho, ukishajua fungu linataka msikilizaji afanye nini. Chukua Mathayo 5:23-24, pale Yesu anaposema uiache sadaka yako madhabahuni ukapatane kwanza na ndugu yako. Wengi wanaanza na stori ya ajali waliyoitoa WhatsApp, watu wanashtuka kweli, ila ajali haihusiani na fungu na dakika 10 baadaye wanakumbuka gari tu. Mvuto umo humohumo kwenye fungu: Yesu hasemi wewe ukiwa na kinyongo, anasema ndugu yako akiwa na neno juu yako. Basi anza hivi, "Leo tusihesabu waliotukosea, nani anasubiri wewe umwombe msamaha?" Kanisa litatulia lenyewe, na hujadanganya mtu.

Mwisho nao usiseme "tukapendane, tukasali, tukasamehe", hayo matatu mtu anayaacha getini. Mpe moja tu, kabla jua halijazama leo ampigie simu huyo mtu aliyemkumbuka aseme "nilikukosea" bila kuongeza "lakini na wewe". Ila kama msikilizaji alikuwa anapigwa na huyo mtu, mwambie wazi hilo halimhusu, aje muongee pembeni. Halafu sema amina ukae, ukisema "namalizia" mara tatu wameshaanza kutafuta viatu vya watoto.