Kuuza nje, leseni, franshizi, ubia au filiali: jinsi ya kujibu swali la kulinganisha kwenye mtihani

Juzi nilikaa na mdogo wangu hapa Katuba, Lubumbashi, mpaka umeme ukakatika. Ana mtihani wa biashara ya kimataifa, na katika daftari lake profesa amewaandikisha tabulo: njia tano za kuingia soko la nchi nyingine, faida upande huu, hasara upande ule. Tabulo ameishika yote kichwani. Nilipompa kisa cha kampuni na kumwambia achague, akanitazama: «Yaya, mbona kila njia ina faida na hasara? Nachaguaje?» Mimi nimefanya kazi ya duane kwenye mpaka wa Kasumbalesa miaka mingi, na swali kama hilo liliwahi kuniangusha mtihani. Hivi ndivyo tulivyolifanya pamoja.

Kisa chenyewe nilikitunga, namba zote ni za zoezi. Kiwanda cha sabuni cha Ndola, Zambia, kinataka soko la Lubumbashi. Katoni moja inauzwa huku kwa jumla dola 20.

Hatua ya 1. Ondoa njia isiyofaa.

Hapa ni franshizi. Leseni humpa mtu ruhusa ya kutumia jina au ufundi wako. Franshizi humpa biashara nzima ilivyo: mpangilio wa duka, mafunzo, namna ya kumhudumia mteja, nawe unaendelea kumsimamia. Ndiyo maana migahawa mingi sana ya McDonald's duniani ni ya franshizi. Sabuni inakaa kwenye rafu ya duka la mtu mwingine, hakuna duka la kunakili. Andika sentensi mbili za sababu, endelea.

Hatua ya 2. Andika gharama za kila njia.

Kuuza nje: kutengeneza katoni Ndola ni dola 11, lori na duane dola 5. Inabaki faida ya dola 4. Ajenti na karatasi ni dola 20,000 kwa mwaka. Siku ambazo lori linalala kwenye foleni Kasumbalesa ziingie ndani ya zile dola 5, kwa sababu dereva analipwa hata akiwa amesimama.

Filiali, yaani kampuni ya huku ambayo ni mali ya Ndola peke yake: kutengeneza hapa hapa ni dola 12, faida dola 8. Mashine ni dola 600,000, zitafanya kazi miaka 6. Usimamizi ni dola 60,000 kwa mwaka.

Leseni: mwenye kiwanda wa hapa analipa mrabaha wa asilimia 5 ya bei, yaani dola 1 kwa katoni. Mwanasheria ni dola 2,000 kwa mwaka.

Ubia: kiwanda kile kile cha filiali, nusu kwa nusu na mfanyabiashara wa hapa.

Hatua ya 3. Linganisha kinachobaki mfukoni mwa kampuni ya Ndola.

Hapa ndipo nilipopoteza saa nzima ya mtihani wangu. Nilijumlisha gharama za kila njia, nikachagua ile yenye gharama ndogo. Leseni ikashinda, maana karibu haina gharama. Lakini leseni haina mapato makubwa pia: sabuni ni ya mwingine, wewe unapata dola 1 tu. Ukilinganisha gharama peke yake, leseni itashinda kila kisa utakachopewa, na hapo ujue umekosea. Kinacholinganishwa ni faida ya kampuni mama kwa mwaka.

Tatizo la pili ni mashine. Ukizitoza dola 600,000 zote mwaka wa kwanza, filiali itaonekana kichaa. Zigawe kwa miaka 6, upate 100,000, uongeze usimamizi 60,000. Gharama isiyobadilika ni 160,000 kwa mwaka.

Sasa tafuta Q, yaani idadi ya katoni kwa mwaka ambapo kuuza nje na filiali vinatoa faida sawa:

```
4Q - 20000 = 8Q - 160000
Q = 140000 / 4 = 35000
```

Hakikisha kwa kurudisha 35,000 pande zote mbili: kila upande unatoa 120,000. Zikitofautiana, kuna alama umeigeuza. Chini ya katoni 35,000 kuuza nje ni bora, juu yake filiali. Leseni nayo ni Q - 2000, na inaishinda njia ya kuuza nje chini ya katoni 6,000 tu.

Mimi napenda hesabu hii ifanywe kwa biki kwenye karatasi, mistari mitatu ya grafu ikichorwa kwa rula. Mdogo wangu alitaka kuifanya kwenye Excel, nikamkatalia. Ukumbini hakuna Excel, na mkono unaochora mistari ndiyo unaoona inapokatana.

Tuseme soko ni katoni 40,000. Kuuza nje kunaleta 140,000, filiali 160,000, leseni 38,000. Ubia ni nusu ya faida ya filiali, 80,000. Mdogo wangu akaufuta ubia papo hapo. Nikamwambia arudishe kalamu.

Kosa lake ni kudhani kwamba kila njia inauza katoni zile zile. Mgeni kutoka Ndola hana depo katika komini za hapa, Kamalondo wala Kenya, hajui ni nani Likasi analipa deni na nani hukimbia. Mshirika anajua, na hicho ndicho unachomlipa kwa nusu ya faida. Kama akifikisha mauzo 65,000, kiwanda kinapata 360,000 na nusu yako ni 180,000, zaidi ya filiali peke yako. Tafuta kwenye kisa sentensi inayosema mshirika analeta nini. Ikiwa haimo, ubia hauna la kujitetea. Ikiwa imo, usitumie Q moja kwa njia zote.

Hatua ya 4. Udhibiti, kwa mfano mmoja halisi.

Namba hazionyeshi nani anaamua. Hapa wengi huandika «ubia huleta migogoro» na kuishia hapo. Sisi tuna mfano karibu: mgodi wa Tenke Fungurume, ambako CMOC ya China ina asilimia 80 na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali yetu, 20. Gécamines ilidai kwamba akiba ya madini imetangazwa pungufu, na malipo yake yalitegemea akiba hiyo. Mwaka 2022 mahakama ikateua msimamizi wa muda, na kuanzia Julai madini yakazuiwa kutoka nchini. Makubaliano yalifikiwa Aprili 2023, CMOC ikakubali kulipa dola milioni 800. Mwenye asilimia 80 hakuweza kuuza alichochimba.

Ugomvi ulikuwa juu ya kitu ambacho upande mmoja unakipima na mwingine unalipwa kwacho. Katika kisa cha sabuni kitu hicho ni mafuta ya mawese. Kampuni ya Ndola ikiuzia ubia mafuta hayo kwa bei ya juu, faida inabaki Ndola na mshirika anagawana kilichobaki. Andika kwamba bei ya mafuta iwekwe kwenye mkataba, na mkaguzi wa nje aruhusiwe kuitazama.

Hatua ya 5. Jibu.

Aya moja: mwaka wa kwanza auze nje, kwa sababu bado hajui kama atafika katoni 35,000. Akiipita, aende kwenye ubia ikiwa mshirika ana depo zake mwenyewe, na mkataba useme mapema Ndola itanunua nusu ya pili kwa hesabu gani ikiwa wataachana. Bila mshirika wa namna hiyo, filiali.