Somo: Balbu ya manjano au nyeupe jikoni, chumbani na mezani pa kusomea

Kabla ya kulipa, geuza boksi utafute namba inayoishia na K. 2700K ni mwanga wa manjano, karibu na wa kandili. 4000K ni mweupe uliotulia. 6500K ni mweupe unaovuta kwenye buluu. Namba hiyo inataja rangi tu. Wingi wa mwanga unasomwa kwenye lumeni (lm).

Hatua ya 1: Jikoni. Tuchukue jiko la mita 3 kwa 3. Funga 4000K ya lumeni 1,000 katikati ya dari, kisha nyingine ya 4000K, lumeni 500, juu ya meza ya kukatia. Hiyo ya pili usiiache, maana taa ya katikati inakuwa mgongoni kwako na kivuli chako kinaangukia kisu.

Angalia pia Ra, yaani namba inayoonyesha balbu inavyotoa rangi halisi za vitu: isipungue 80, na ukipata 90 chukua hiyo. Balbu ya Ra ndogo haionyeshi wekundu sawasawa, hata K yake ikiwa nzuri. Tazama kipande cha jodari mchana dirishani, kisha chini ya balbu. Kikigeuka rangi ya udongo papo hapo, kasoro ni ya balbu. Kwa mwanga huo hata matamvua ya samaki wa jioni yatakudanganya.

Hatua ya 2: Chumbani. 2700K, lumeni 800 zinatosha. Mwanga wenye buluu nyingi usiku huchelewesha homoni ya usingizi.

Hatua ya 3: Pa kusomea. Taa ya meza ya 4000K, lumeni 450, iwe kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia. Taa ya dari nayo iwake, kwani ukurasa unaong'aa ndani ya chumba cha giza huchosha macho.

Maswali ya wanachama

*Assalamu alaikum Maalim. Nimeweka 2700K chumbani, mbona pamekuwa giza?*

Waalaikumu salaam, dada. Linganisha maboksi mawili. Aghalabu mtu hutoa ya wati 12 yenye lumeni 1,000 akatia ya wati 5 yenye lumeni 400, akailaumu manjano. Tia 2700K yenye lumeni zilezile, mwangaza utarudi.

*Dukani kwetu Wete nimekuta 6500K tu. Niifunge kitambaa ipoe rangi?*

Hapana, kaka. Joto la balbu ya LED linatoka kwenye shina lake. Ukiliziba, vifaa vya ndani vinaungua mapema, na kitambaa kinaweza kushika moto. Ielekeze ukutani penye rangi ya krimu. Mwanga unaorudi utakuwa na umanjano kidogo.

*Mwanangu wa skuli anasoma usiku, wadogo zake wamelala chumba hichohicho. Nifanyeje?*

Hapo usitumie 4000K, mama. Mpe taa ya meza ya 2700K yenye kofia, lumeni zilezile 450, imulike daftari na iwape mgongo waliolala. Maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe yanasomeka vizuri hata kwa mwanga wa manjano, mradi uwe wa kutosha.