Mchicha na lipstiki kwenye meno: namna ninavyovitoa kwenye picha

Wifi yangu alinitumia picha ya mama yake, yaani mama mkwe wangu, iliyopigwa kwenye sendofu baada ya watu kula. Mama anacheka kweli kweli, picha nzuri kuliko zote za siku ile. Ila kuna kipande cha mchicha kimekaa kwenye ukingo wa jino la mbele, na jino la jirani lina alama ya lipstiki nyekundu. "Wifi, nitolee hivyo viwili tu, nataka kuiweka kwenye fremu."

Nikavitoa. Mama alipoiona akaniuliza, "Mwanangu, mwanya wangu umeupeleka wapi?"

Nilikuwa nimeuziba. Mchicha ulikuwa umekaa ukingoni mwa mwanya, nikaufuta pamoja na mwanya wenyewe, na mama wa watu akawa na meno ya mtu mwingine. Niliirudia kazi yote kuanzia mwanzo, na hivi ndivyo nilivyofanya mara ya pili. Natumia GIMP 2.10 kwenye kompyuta. Ni ya bure na inatosha kabisa. Kwa simu, Healing ya Snapseed ni sawa kama uchafu ni mdogo na uko katikati ya jino. Ukiwa ukingoni, karibu na ufizi au kwenye mwanya, usijisumbue na simu.

Kabla ya yote: pata faili halisi na picha ya pili

Picha iliyotumwa WhatsApp kama picha hufika imebanwa, na wekundu wa lipstiki huwa umetapakaa hadi nje ya doa. Mwambie mwenye picha aitume kama Document.

Omba pia picha nyingine ya mtu huyo huyo akitabasamu, hata ya zamani. Itakuonyesha kipi ni chakula na kipi ni jino lenyewe. Mwanya ni wa kwake. Jino lililopandana na lingine ni la kwake. Watu wengi waliokulia Arusha, Kilimanjaro na maeneo ya jirani wana madoa ya kahawia kwenye meno kwa sababu ya maji yenye floridi nyingi. Hayo si mabaki ya chakula, na hakuna aliyekuomba uyafute.

Mchicha

Kuza picha mpaka mdomo ujaze kioo. Tengeneza tabaka jipya tupu kwa Layer > New Layer na ufanyie kazi humo, ili ukikosea ufute tabaka tu.

Chukua Clone (herufi C). Heal naiacha hapa, ingawa mafunzo mengi yanaanza nayo. Heal hutazama rangi zilizo pembezoni mwa brashi na kuzichanganya na kile unachopaka. Katikati ya jino matokeo ni mazuri, lakini brashi ikigusa mwanya, mdomo au ufizi, ule weusi na wekundu unaingia ndani ya jino na kuacha ukungu mchafu. Ukiona jino limepata kivuli ambacho hakikuwepo, ni Heal hiyo.

Kwenye Clone, weka alama Sample merged ili isome tabaka la chini, na Alignment iwe Aligned. Jino la mbele la mama lilikuwa na upana wa pikseli 70 hivi, nikatumia brashi ya 9 yenye ukingo laini kiasi. Shikilia Ctrl na ubofye mahali safi, kisha paka juu ya mchicha.

Mahali safi ni wapi? Jino halina rangi moja. Karibu na ufizi lina unjano zaidi, na kwenye ncha ya chini lina ukijivu kidogo kwa sababu mwanga unapenya. Kwa hiyo chota kwa upande, kutoka kimo kile kile cha jino hilo hilo, usichote juu ukapake chini.

Ukingo wa mwanya ndio uliobaki, na hapo hapakuwa na cha kuchota, kwa sababu mchicha ulikuwa umefunika umbo lenyewe. Niliazima jino la upande wa pili. Nililizungushia Free Select (herufi F), nikabofya Edit > Copy Visible, halafu Edit > Paste as > New Layer, nikaondoa uteuzi kwa Select > None, kisha Layer > Transform > Flip Horizontally. Nikapunguza Opacity hadi 50 ili nione yote mawili, nikalisogeza mpaka ukingo ukakaa juu ya ukingo, nikairudisha 100. Halafu nikafuta kwa Eraser laini karibu jino lote, nikabakiza ule ukanda mwembamba wa ukingo tu. Kubakiza jino zima hakufai: mwanga kwenye picha ile ulitoka dirishani kulia, na jino lililogeuzwa lilikuwa linang'aa upande wa kushoto. Njia hii inakubali tu kama mtu anatazama kamera moja kwa moja au karibu na hivyo.

Mwanya wenyewe, usiupake weusi mtupu. Chota ndani ya mwanya huo huo, juu ya mchicha: utakuta ni kahawia iliyokolea yenye wekundu kidogo.

Lipstiki

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima, kwa hiyo nivumilie.

Mchicha umefunika jino. Lipstiki imelipaka rangi tu; umbo, mng'ao na chembechembe za picha bado zipo chini yake. Ukiifuta kwa Clone unavitupa vyote hivyo, na jino linakuwa kama limebandikwa. Kinachotakiwa ni kubadilisha rangi na kuacha mengine.

Tengeneza tabaka jipya tupu juu ya yote, na Mode yake iwe LCh Color. Hali hii inachukua rangi unayopaka lakini inaacha mwanga na giza vya picha vilivyo chini. Chukua Color Picker (herufi O), weka alama Sample merged na Sample average yenye Radius 3 ili usichote chembe moja iliyopotoka, ubofye mahali safi kwenye jino hilo hilo. Kwa mama nilipata R 222, G 208, B 186. Unaona, si nyeupe. Mtu akipaka nyeupe hapa, na mimi nilianza hivyo, lile doa linakuwa baka la kijivu baridi katikati ya meno ya kawaida.

Paka kwa Paintbrush laini, Opacity 40, ukirudia mara mbili tatu. Wekundu unaondoka mbele ya macho yako na unadhani umemaliza.

Punguza ukubwa wa picha sasa, uiangalie kwa mbali. Jino limekuwa bovu. Wekundu haupo, lakini pale palipokuwa na doa pana giza, kama jino lililokufa. Mimi nilirudi kupaka rangi tena, nikabadilisha rangi, nikachota kwingine, nikaongeza Opacity, kwa saa tatu, na giza halikuondoka. Haliwezi kuondoka, kwa sababu lipstiki ilikuwa imelifanya jino kuwa jeusi zaidi pamoja na kulifanya jekundu, na LCh Color, kwa kazi yake, inalinda giza hilo. Ni matatizo mawili, na tabaka la rangi linatibu moja.

Basi pima. Chota tena kwa Color Picker juu ya doa uliloshaondoa wekundu. Kwangu ilisoma R 177, G 164, B 143, wakati jirani safi ilikuwa 222, 208, 186. Doa lina giza zaidi kwa kiasi karibu kile kile katika rangi zote tatu, kwa hiyo sasa ni suala la mwanga tu.

Bofya Layer > New from Visible. Kwenye tabaka hilo fungua Colors > Curves, channel ikiwa Value, weka nukta moja tu: usawa wa 177 upande wa kuingia, uinyanyue mpaka 222 upande wa kutoka. Picha nzima itang'aa kupita kiasi, usishtuke. Bofya OK, kisha Layer > Mask > Add Layer Mask, chagua Black (full transparency), na mwangaza wote utajificha. Sasa paka nyeupe kwenye kinyago hicho, juu ya doa tu, kwa brashi laini yenye Opacity 15. Nyanyua mkono, angalia, paka tena. Nenda polepole kuelekea ukingo wa doa, maana lipstiki huwa nyembamba pembeni na nzito katikati. Ukipaka sawasawa kote, pembeni patabaki na duara jeupe.

Mambo mawili ya kujihadhari nayo. Kile kimeta cheupe cha mate juu ya jino usikiguse. Tayari kinang'aa, na Curves itakigeuza kuwa tundu jeupe. Na sehemu ya juu ya meno, chini kabisa ya mdomo, huwa na wekundu hafifu hata kwa mtu asiyepaka kitu: ni mdomo unaoakisi rangi yake. Uache. Ukiuondoa, meno yanaonekana yameelea mbele ya mdomo.

Kama lipstiki ni nzito kiasi kwamba huoni jino chini yake, njia hii haitasaidia. Ichukulie kama mchicha.

Kuangalia na kuhifadhi

Rudi 100% (kitufe 1), kisha weka picha ya zamani na mpya kando kwa kando. Ukihisi jicho linavutwa kwenye jino ulilofanyia kazi, punguza Opacity ya tabaka la mwanga kwa 10 hivi kabla ya kugusa kitu kingine. Kwangu hilo limetosha mara nyingi. Usiyafanye meno yote meupe "kwa kuwa uko hapo hapo". Wifi aliomba vitu viwili.

Hifadhi XCF kwanza, yaani faili la GIMP lenye matabaka yote, ndipo utoe JPEG kwa File > Export As, Quality 95. Mama alitaka mwanya wake urudi siku hiyo hiyo, na kwa kuwa mara ya kwanza nilikuwa nimehifadhi JPEG pekee, ilibidi nimwombe wifi anitumie tena faili la awali.