Kuomba kazi ya Dereva Daraja la II serikalini: andaa wasifu na viambatisho kabla hujafungua Ajira Portal

Nina steshenari Mbagala Rangi Tatu. Sekretarieti ya Ajira ikitoa tangazo, foleni ya wanaotaka kutumiwa maombi inafika barabarani. Wengi wanakuja siku ya mwisho, wameshika bahasha yenye vyeti vilivyokunjwa mara nne. Hapa naeleza kazi inayofanyika kabla ya siku hiyo, kwa kutumia nafasi ya Dereva Daraja la II, kwa sababu ndiyo inayowaangusha watu wenye sifa kamili.

Anza na sentensi ya sifa kwenye tangazo. Kwa dereva daraja la II huwa inasema hivi: awe na cheti cha mtihani wa kidato cha nne, awe na leseni daraja la C au E ambayo ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na awe amehudhuria mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari yanayotolewa na VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Msomaji wa haraka anaona "kidato cha nne na leseni". Mimi namwambia kila mteja achukue kalamu aikate sentensi hiyo vipande, kisha mbele ya kila kipande aandike jina la karatasi itakayokisemea. Kipande kisicho na karatasi ndicho cha kushughulikia leo, maana dirisha la maombi mara nyingi ni wiki mbili hivi na siku zinakimbia.

Mwaka jana nilikaa na mpwa wangu tukafanya hivyo hivyo. Ana umri wa miaka 29, anaendesha Fuso kutoka maghala ya Kariakoo kwenda maduka ya huku Mbagala. Alikuja na uhakika wote.

"Mjomba, vyeti vyote ninavyo."

Nikamwambia avimwage mezani. Cha kidato cha nne kilikuwa karatasi nyeupe nyepesi yenye orodha ya masomo na alama, yaani hati ya matokeo. Tangazo linakataa hati ya matokeo ya kidato cha nne na cha sita kwa maneno ya wazi kabisa, pamoja na matokeo ya awali na taarifa za matokeo za muda. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe cha NECTA. Yeye alikuwa hajawahi kurudi shuleni kukichukua, miaka tisa imepita. Watu wa namna hii ni wengi mno: vyeti vinapelekwa shule uliyofanyia mtihani na vinakaa humo kabatini vikikusubiri. Alipanda pantoni asubuhi kwenda Kigamboni na saa nane mchana alikuwa amerudi nacho. Aliyepoteza cheti ana safari ndefu zaidi, kuanzia taarifa ya polisi na tangazo la gazetini hadi ombi NECTA, kwa hiyo asisubiri nafasi itangazwe ndipo aanze.

Kumbuka pia kwamba tangazo la dereva linataka cheti cha kidato cha nne. Kama halikutaja divisheni, usijinyime nafasi kwa sababu una divisheni ya nne. Likitaja ufaulu wa somo fulani, hapo alama ya somo hilo ndiyo itakayoangaliwa, na haifidiwi na alama nzuri ya somo jingine.

Leseni ikafuata. Ya mpwa wangu ilikuwa na daraja E, ana miaka mitatu nayo. Jirani yake wa kijiweni, dereva mzuri sana wa magari madogo, ana D peke yake. Huyo nilimshauri asiombe kwanza, akaongeze daraja kisha aifanyie kazi mwaka mzima, kwa sababu tangazo linahesabu mwaka wa C au E. Miaka kumi ya kuendesha gari ya bosi kwa D haiingii katika hesabu hiyo.

Ule mwaka mmoja bila ajali ndio kipande ambacho karibu kila mtu anakiacha bila karatasi. Tangazo halisemi ulete nini, lakini anayechambua maombi Dodoma hakujui, anaona ulichopakia tu. Tulimwomba tajiri wake barua fupi yenye anwani, namba ya simu, sahihi na muhuri wa duka: anathibitisha kwamba kijana anaendesha gari lake aina ya Fuso tangu Machi 2022, na katika muda huo hajasababisha ajali. Mistari minne. Tajiri aliiandika palepale dukani.

Cha mafunzo ya msingi alikuwa nacho cha VETA Chang'ombe. Kama wewe ulisoma kwenye shule binafsi ya udereva, soma cheti chako vizuri kabla hujakitegemea: kinatakiwa kiwe cha mafunzo hayo ya msingi, na chuo kiwe kinatambuliwa na Serikali. Karatasi ya kwamba ulifundishwa kuendesha na ukapelekwa kwenye jaribio la trafiki ni kitu kingine.

Sasa majina. Panga mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, leseni na cheti cha VETA, kisha soma jina herufi kwa herufi. Athumani kwenye cheti kimoja na Othman kwenye kingine ni watu wawili mbele ya mchambuzi. Tofauti ya namna hiyo inatengenezewa hati ya kiapo cha jina, ile inayojulikana kama didi poli, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hata ukipita kwenye mchujo, tangazo la kuitwa kwenye usaili linaiulizia tena. Tarehe ya kuzaliwa nayo iangalie: tarakimu nane za mwanzo katika namba 20 za NIDA ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zilinganishe na cheti cha RITA. Kikomo cha umri ni miaka 45 kwa ambaye hayupo tayari katika utumishi wa umma, hivyo tarehe hiyo inasomwa kwa makini.

Ukishakamilisha, toa fotokopi na uende kwa wakili kusertifai. Nenda na vyeti halisi mkononi, kwa sababu wakili anathibitisha kwamba nakala inafanana na kile alichokiona. Hapa ndipo ninapoona kazi nyingi zikiharibika, na inaniuma maana mtu ameshalipa. Muhuri unagongwa juu ya nembo nyeusi ya cheti, jina la wakili halisomeki. Au muhuri upo, sahihi haipo. Au tarehe imeachwa wazi. Mwombe kwa heshima agonge sehemu nyeupe, na usiondoke mezani kwake hujakagua vitu vitatu katika kila ukurasa: jina la wakili linasomeka, sahihi ipo, tarehe ipo. Leseni itolewe nakala mbele na nyuma kwenye ukurasa mmoja.

Kinachoskaniwa ni hiyo nakala yenye muhuri. Kuna wanaosertifai halafu wanapakia picha ya cheti halisi kwa sababu "ina rangi nzuri", na muhuri walioulipia unabaki kwenye bahasha. Skani kwa rangi ili wino wa bluu uonekane, kila cheti faili lake la PDF, na ulipe faili jina linaloeleweka, mfano `cheti_kidato_cha_nne.pdf`. Fungua kila faili kwenye simu kabla ya kupakia. Ukilazimika kukuza picha ndipo usome jina lako, rudia kuskani.

Wasifu, ile tunayoita sivii, usiupambe. Kurasa mbili zinamtosha dereva: majina kama yalivyo kwenye vyeti, anwani ya posta, simu inayopatikana, barua pepe unayoifungua, elimu, mafunzo, leseni na daraja lake, kazi ulizofanya, na wadhamini watatu wenye simu zao. Mpwa wangu alikuja na mstari mmoja: "Nina uzoefu wa udereva." Tukaufuta, tukaandika:

"Machi 2022 hadi sasa: dereva wa Fuso, duka la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Nasambaza mizigo Mbagala, Temeke na Kigamboni, nakagua gari kila asubuhi na kutunza daftari la safari na mafuta. Leseni daraja E. Sijasababisha ajali."

Ukiusoma unaona kila neno lina karatasi nyuma yake, na tarehe ya kuanza ni ile ile ya kwenye barua ya tajiri. Zikitofautiana hata kwa mwezi, rekebisha wasifu ufuate barua. Wadhamini wapigie simu kwanza, wajue jina lako litakuja kuulizwa.

Barua ya maombi iandike kwa Kiswahili au Kiingereza, anwani ya Katibu uinakili kama ilivyo kwenye tangazo, na kichwa cha barua kitaje nafasi kwa jina lake kamili: Dereva Daraja la II. Kisha ichape, isaini kwa kalamu, ndipo uiskani. Barua iliyoandikwa kwenye kompyuta na kugeuzwa PDF bila kupita kwenye kalamu haina sahihi, hata kama jina lako lipo chini. Aliye tayari katika utumishi wa umma apitishe barua kwa mwajiri wake.

Baada ya hapo, kujaza ni kazi ya nusu saa. Maombi ni ya mtandaoni tu, kwenye `portal.ajira.go.tz`, wala hulipi chochote kwenye mfumo. Bahasha ya mkononi au ya posta haifikiriwi. Unajisajili kwa namba ya NIDA, unajaza ukurasa baada ya ukurasa: elimu kwenye `Academic Qualifications`, wadhamini kwenye `Referees`, na vyeti visivyo na sehemu yake, kama cheti cha kuzaliwa, kwenye `Other Attachments`. Usiache ukurasa wa `Declaration`. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe na simu yako mwenyewe, si ya mwenye steshenari. Nimepata wateja waliofunguliwa akaunti kwa barua pepe ya kijana wa duka jingine, kijana akahama, na wao wakashindwa kuingia kuangalia kama wameitwa.

Mpwa wangu alituma siku nne kabla ya mwisho. Vyeti halisi tukavirudisha kwenye faili la plastiki kwa mpangilio ule ule wa viambatisho, cheti cha kuzaliwa juu, kwa sababu ndivyo vitakavyotakiwa mkononi siku ya usaili, na nakala zenye muhuri hazichukui nafasi yake.